Gari likiwa spidi 80 linasimama wapi? Hesabu ya barabara ya Kibiti na Ikwiriri

Kipindi chetu cha asubuhi juzi kilijaa simu kuliko kawaida, na mada ilikuwa matuta. Wasikilizaji wa vijiji vilivyo kandokando ya barabara kuu, kuanzia Jaribu Mpakani, Bungu, Kibiti mjini hadi Ikwiriri na Nyamwage, wanataka matuta yaongezwe kwenye shule na masoko. Madereva waliopiga simu walipinga. Mmoja wao alisema hivi: "Mimi nina miaka 20 kwenye usukani. Gari langu lina breki nzuri. Nikiwa 80 na mtu akakatiza, nakanyaga na nasimama hapohapo." Mama mmoja aliyepiga baada yake aliuliza swali fupi: "Hapohapo ni hatua ngapi?"

Tuliahidi kumjibu, na jibu ni hili. Tumeliandika ili mlisome kwenye simu taratibu, kwa sababu lina namba, na namba zikitajwa redioni mara moja zinapita na upepo.

Kwanza tukumbushane barabara yenyewe. Wazee wetu wanakumbuka kusubiri kivuko pale Ndundu ili kuvuka Mto Rufiji. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 kivuko kikawa historia, lakini kipande cha kutoka Ndundu hadi Somanga, kama kilomita 60, kiliendelea kuwa tope na mashimo kwa miaka mingi kabla ya kupata lami. Siku zile barabara ndiyo iliyowapunguza mwendo madereva. Mvua ikinyesha, malori yalilala njiani. Leo lami ni nyoofu na nyika ni tambarare, na basi la kutoka Mtwara au Lindi likishavuka daraja halina kitu cha kulizuia hadi Kibiti. Mafuriko ya mwaka 2024 na kimbunga Hidaya cha mwezi Mei mwaka huo vilikata barabara hii upande wa Somanga, na wengi mnakumbuka abiria waliokwama. Lami ikirudi, na mwendo nao unarudi. Watoto wanaovuka kwenda shule ni walewale.

Sasa tuje kwenye hesabu. Dereva anaposema "nakanyaga na nasimama", anazungumzia sehemu moja tu ya safari. Zipo sehemu mbili, na ya kwanza ndiyo watu wengi hawaihesabu.

Mtoto anapotoka ghafla nyuma ya kibanda cha chipsi, jicho la dereva linamwona. Ubongo unatambua kuwa huyu ni mtoto na anavuka. Kisha dereva anaamua: nipige honi, nikwepe, au nishike breki? Halafu mguu unaondoka kwenye mafuta, unahamia kwenye breki, unakanyaga. Muda wote huo gari linakwenda kwa mwendo uleule. Halijapungua hata kidogo. Umbali ambao gari linapita hapo tuuite umbali wa kushtuka. Mguu ukishagusa breki na matairi yakaanza kung'ang'ania lami, ndipo unaanza umbali wa breki. Ukijumlisha hizo mbili unapata umbali wa kusimama.

Kushtuka kunachukua muda gani? Unaweza kujipima mwenyewe nyumbani kwa rula ya shule ya sentimita 30. Mwenzako aishike kwa juu, ining'inie, nawe uweke vidole viwili wazi pale kwenye sifuri bila kuigusa. Aiachie bila kukuambia. Wewe idake. Ukiidaka kwenye sentimita 20, umetumia sehemu moja ya tano ya sekunde. Wengi wetu pale studio tulidaka kati ya 15 na 25, isipokuwa fundi mitambo wetu ambaye mara ya kwanza rula ilianguka chini kabisa.

Lakini rula inakupendelea. Ulijua kwamba itaanguka, ulikuwa unaitazama hiyo tu, na vidole vilikuwa tayari. Dereva hajui kwamba mtoto atatokea. Anaweza kuwa anatazama kioo cha pembeni, anaongea na kondakta, au amechoka baada ya saa kadhaa za safari. Kwa hiyo wanaotengeneza hesabu hizi hawatumii muda wa rula. Kitabu cha sheria za barabarani cha Uingereza kina jedwali maarufu linalochukulia kama theluthi mbili za sekunde, na huo ni muda wa dereva aliye macho kwelikweli. Wahandisi wa barabara katika nchi nyingi wanapochora kona na vilima hutumia sekunde 2 na nusu, ili hata dereva mzee au aliyechoka awe na nafasi. Sisi tumechagua katikati: sekunde 1 na nusu. Ni dereva wa kawaida, hajalewa, hana simu mkononi.

Spidi ya kilomita 80 kwa saa ni mita 22 kila sekunde. Katika sekunde 1 na nusu gari limekwenda mita 33, na breki bado haijafanya chochote.

Jedwali letu hili hapa. Ni gari dogo, breki nzima, matairi yenye meno, lami kavu. Tumezungusha namba ziwe mita kamili.

| Spidi (km kwa saa) | Kushtuka (mita) | Breki (mita) | Jumla hadi kusimama (mita) |
|---|---|---|---|
| 30 | 13 | 6 | 19 |
| 50 | 21 | 16 | 37 |
| 60 | 25 | 23 | 48 |
| 80 | 33 | 41 | 74 |
| 100 | 42 | 64 | 106 |
| 120 | 50 | 93 | 143 |

Kama unataka kuona namba hizi kwa macho, nenda uwanja wa mpira. Kutoka goli hadi goli, uwanja mkubwa ni kama mita 100. Simama golini na ujifanye wewe ndiye dereva aliyemwona mtoto. Ukiwa na spidi 50 utasimama kabla ya kufika mstari wa kati. Ukiwa na 80 utavuka kati, utaingia nusu ya timu pinzani, na utasimama ukikaribia eneo lao la hatari. Ukiwa na 100 utapita uwanja wote na kutoka nje nyuma ya goli la pili. Hiyo ndiyo "hapohapo" ya dereva wetu.

Tazameni tena jedwali, mstari wa 50 na mstari wa 100. Spidi imeongezeka mara mbili. Umbali wa kushtuka nao umeongezeka mara mbili, kutoka 21 hadi 42, na hilo linaeleweka kirahisi. Lakini umbali wa breki umetoka 16 hadi 64, yaani mara nne. Sababu ni kwamba breki zina kazi ya kumaliza nguvu yote ambayo gari limebeba katika mwendo wake, na nguvu hiyo inakua kwa mraba wa spidi. Spidi mara mbili, nguvu mara nne. Spidi mara tatu, nguvu mara tisa. Ndiyo maana dereva aliyezoea kusimama vizuri akiwa 50 hawezi kukadiria kwa hisia atasimama wapi akiwa 100. Anadhani itakuwa mara mbili yake. Uzoefu wa miaka 20 unamsaidia kuona hatari mapema, na hilo tunalikubali, lakini haubadilishi kazi ya breki.

Sasa tuchukue tukio moja na kulifuata hatua kwa hatua. Hatutaji kijiji wala ajali ya mtu yeyote. Ni hesabu tu, lakini mahali pa namna hii kila mmoja wetu anapajua. Kuna shule upande wa kushoto, soko upande wa kulia, na mtoto anaingia barabarani mita 40 mbele ya gari.

Gari la kwanza lina spidi 50, ambayo ndiyo mwisho wa mwendo unaoruhusiwa kisheria ndani ya makazi. Dereva anashtuka kwa mita 21, anashika breki kwa mita 16, na gari linasimama likiwa limebakiza mita 3. Mtoto anakimbia, dereva anatukana, safari inaendelea.

Gari la pili lina spidi 60. Ni kilomita 10 tu zaidi, na wengi watasema hiyo si kitu, hata tochi ya trafiki pengine isingemsumbua. Dereva huyu anashtuka kwa mita 25. Zimebaki 15, na yeye anahitaji 23 za breki. Anapofika kwa mtoto, gari bado lina spidi ya kilomita 36 kwa saa.

Gari la tatu lina spidi 80. Mita 33 zinaisha katika kushtuka. Zimebaki kama mita 7 za breki, na mita 7 kwa gari la spidi 80 ni kama kulipuliza. Linampiga mtoto likiwa na spidi 73.

Gari la nne lina spidi 100. Umbali wa kushtuka ni mita 42, na mtoto yuko mita 40. Linafika kwake kabla mguu haujagusa breki. Dereva huyu akiulizwa polisi atasema kweli kabisa kwamba hakupata hata nafasi ya kukanyaga. Watu wa kijiji watasema hakujaribu hata kusimama, na wao pia watakuwa wamesema walichokiona.

Tumelirudia tukio hili mara mbili tatu tukidhani tumekosea, maana tofauti kati ya dereva aliyesimama na dereva aliyegonga kwa spidi 36 ni kilomita 10 tu kwenye dashibodi. Hatukukosea. Na mwili wa binadamu nao haupandi ngazi polepole katika jambo hili. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa hatari ya kufa kwa mtembea kwa miguu aliyegongwa na gari kwa mbele inaongezeka mara 4 na nusu spidi ya kugonga inapotoka 50 kufikia 65.

Hayo yote ni lami kavu. Masika yakianza huku kwetu, hesabu inabadilika. Lami yenye maji inapunguza sana ung'ang'anizi wa matairi, na dakika za mwanzo za mvua ni mbaya zaidi, kwa sababu vumbi na mafuta yaliyodondoka vinachanganyika na maji na kuteleza kama sabuni. Tukichukulia matairi bado ni mazima, gari la spidi 50 linahitaji kama mita 45 badala ya 37, na la spidi 80 linahitaji kama 95 badala ya 74. Rudini kwenye mtoto wetu wa mita 40: yule dereva wa kwanza, aliyetii sheria, kwenye lami ya maji hasimami tena. Atamfikia mtoto akiwa na spidi ya kilomita 23 hivi. Kibao kinasema 50, lakini kibao hakijui kama mvua imenyesha. Tairi lililoisha, lile tunaloliita kipara, haliwezi kuyasukuma maji pembeni, na hapo hatuna namba ya kuwapa kwa sababu inategemea bahati.

Barabara za vumbi zinazoshuka kwenda delta, kwa mfano ile ya kutoka Bungu kwenda Nyamisati ambako watu wanapanda boti za Mafia, nazo zina tabia inayokaribiana na lami yenye maji. Changarawe na mchanga vinazunguka chini ya tairi kama gololi. Afadhali huko mashimo yanapunguza mwendo.

Madereva wa malori walitupigia kulalamika kwamba tunazungumzia magari madogo tu. Wana haki, na hali yao ni ngumu zaidi. Breki za lori kubwa na za basi zinafanya kazi kwa upepo. Dereva akikanyaga, upepo lazima usafiri kwenye mipira hadi kwenye magurudumu ya nyuma, na kwenye semi treila safari hiyo ni ndefu. Inaweza kuchukua kama nusu sekunde. Kwa spidi 80, nusu sekunde ni mita 11, zinazoongezwa juu ya zile 33 za kushtuka. Ukiweka na uzito wa mzigo wa saruji kutoka Mtwara, lori lililotunzwa vizuri kwenye lami kavu linahitaji mita 90 na zaidi. Lililozidishiwa mzigo au lenye breki zilizolegea linahitaji zaidi ya hapo. Sheria yetu inayataka mabasi na magari yenye uzito wa zaidi ya kilo 3,500 yasizidi spidi 80 hata nje ya makazi, na mabasi ya mikoani yamefungwa mfumo wa LATRA wa kufuatilia mwendo ambao hulia ndani ya basi spidi ikizidi. Abiria mnaoudhika na ule mlio, sasa mnajua unalia kwa ajili ya nini. Lakini mfumo ule unahesabu 80. Ukiwa ndani ya kijiji ambako mwisho ni 50, basi likienda 78 linapita kimyakimya.

Na vijana wetu wa bodaboda? Muda wao wa kushtuka ni uleule wa binadamu wote. Tatizo liko kwenye breki. Wengi wanaogopa breki ya mbele, wanasema inapindua, kwa hiyo wanatumia ya mguu peke yake. Pikipiki inaposhika breki uzito wote unakimbilia gurudumu la mbele, la nyuma linabaki jepesi na kuteleza. Kwa spidi 60, pikipiki inayotumia breki zote mbili inaweza kusimama, baada ya kushtuka, kwa mita 23 hivi. Ikitumia ya nyuma tu, mita hizo zinakaribia 40. Ukipakia abiria wawili na tenga la samaki nyuma, jaribu kwanza ukiwa mwendo mdogo mahali pa wazi ujue chombo chako kinasimama wapi.

Usiku tuupe nafasi yake, kwa sababu watu wetu wengi wanarudi kutoka mashambani na kutoka kuvua wakati jua limekwisha zama. Taa za gari zikiwa zimeshushwa, kama zinavyotakiwa kuwa mnapopishana na gari jingine, mtu aliyevaa nguo nyeusi anaonekana akiwa mita 40 hivi, mara nyingine pungufu. Linganisheni na jedwali. Dereva wa spidi 80 anahitaji mita 74. Maana yake anaendesha ndani ya giza ambalo hawezi kusimama ndani yake. Akikuona, tayari amechelewa kwa mita zaidi ya 30. Wewe unaliona gari lake kutoka mbali kabisa na unadhani naye anakuona. Shati jeupe, au kipande cha kitambaa kinachong'aa kilichofungwa nyuma ya baiskeli, kinaongeza mita kwa upande wa dereva, na hizo mita ndizo zinazohesabika hapa. Vivyo hivyo kwa lori lililoharibika njiani. Matawi ya miti tuliyozoea kuyatandaza barabarani hayawaki kwenye taa. Pembetatu inawaka, lakini ikiwekwa hatua 10 nyuma ya lori haimsaidii mtu anayehitaji mita 74.

Kuhusu simu hatutasema mengi. Kutazama ujumbe kwa sekunde 2 ukiwa spidi 80 ni mita 44, na hizo zinakuja kabla ya kushtuka, kwa hiyo zinaongezwa juu ya 74.

Baadhi ya wasikilizaji waliuliza kuhusu zile alama nyeusi za matairi ambazo askari wa usalama barabarani wanazipima kwa futi baada ya ajali. Hesabu ni hiihii ikirudishwa nyuma. Alama za mita 41 kwenye lami kavu, gari likiwa limesimama mwisho wake, zinaonyesha lilikuwa karibu na 80. Kama gari liligonga kabla ya kusimama, spidi halisi ilikuwa kubwa kuliko alama zinavyoonyesha. Kumbukeni pia kwamba alama zinaanza pale breki ilipobana. Zile mita 33 za kushtuka hazichorwi popote. Kwa hiyo msimlaumu shahidi anayesema gari lilikuwa mbali sana dereva alipomwona mtoto, wakati alama zinaanzia karibu. Wote wawili, shahidi na alama, wanaweza kuwa sahihi. Na magari ya kisasa yenye breki za ABS huacha alama hafifu au hayaachi kabisa, kwa hiyo lami safi si ushahidi kwamba dereva hakushika breki.

Turudi kwa matuta sasa, kwa sababu ndiko tulikoanzia. Maoni yetu kama kipindi ni kwamba wanakijiji wana hoja nzuri lakini wanaipeleka bila vipimo, na maombi bila vipimo yanajibiwa "tumepokea". Kuna mambo mawili mnayoweza kupima wenyewe kwa simu na kamba.

La kwanza ni mwendo halisi wa magari. Pimeni mita 100 kandokando ya barabara, nje ya lami kabisa, na mweke alama mbili, kwa mfano mti na jiwe lililopakwa chokaa. Kamba ya mita 20 ikitandazwa mara 5 inatosha. Mmoja akae mahali salama akiwa na saa ya kuhesabia sekunde kwenye simu. Gari likipita alama ya kwanza abonyeze, likipita ya pili abonyeze tena. Spidi 50 inachukua sekunde 7 na kidogo. Spidi 80 inachukua sekunde 4 na nusu. Spidi 100 inachukua sekunde 3 na nusu hivi. Andikeni magari 50 mfululizo bila kuchagua, pamoja na yale yaliyokwenda taratibu, na saa mliyopima.

La pili ni umbali wa kuonana. Simameni kwenye kivuko cha pundamilia au pale watoto wanapovukia, kisha mmoja atembee kando ya barabara kuelekea yanakotoka magari hadi pale ambapo mtoto aliyesimama kivukoni haonekani tena, iwe ni kwa sababu ya kona, kichaka, kibanda au lori lililoegeshwa. Pimeni umbali huo. Ukiwa mita 60 na magari yanapita kwa 80, jedwali limeshajibu. Mara nyingine dawa ni kukata kichaka au kuhamisha kibanda, na hiyo haihitaji bajeti ya mtu yeyote.

Kuna hesabu nyingine ya upande wa mtoto. Lami ya barabara yetu ina upana wa karibu mita 7. Mtoto mdogo akitembea hatua zake za kawaida anatumia kama sekunde 7 kuivuka. Katika sekunde 7, gari la spidi 50 linakwenda mita 97, na gari la spidi 80 linakwenda mita 156. Kwa hiyo mtoto anayeambiwa "vuka kama gari liko mbali" anatakiwa ajue kukadiria mita 156 kwa macho, na hata sisi watu wazima tuliojaribu pale uwanjani tulikosea vibaya. Tuliita mita 90 kuwa "mbali".

Mkiwa na karatasi hizo mbili, ya sekunde na ya umbali, zipelekeni serikali ya kijiji ili ziambatane na muhtasari wa mkutano, kisha ziende wilayani na kwa TANROADS mkoa wa Pwani, kwa sababu barabara kuu iko chini yao. Jueni pia kwamba tuta kwenye barabara kuu si kitu cha kumwaga udongo usiku. Tuta lisilo na kibao wala rangi linamkuta dereva wa spidi 100 akihitaji mita 106, na yule anayelala pale baadaye anaweza kuwa abiria wa kutoka kijiji chenu.

Hata kibao cha 50 kina mahali pake. Yule mama aliyeuliza "hatua ngapi" alitupigia tena baada ya kipindi. Alisema kwao kibao kipo, lakini akitembea kutoka kibaoni hadi kivukoni anahesabu hatua 60. Tulimfanyia hesabu palepale. Dereva anayekuja kwa 100, akikiona kibao na kuanza kupunguza mwendo kwa utaratibu bila kuwarusha abiria, anahitaji mita 42 za kushtuka na kama mita 145 za kupunguza hadi afikie 50. Jumla ni karibu mita 190. Hata akianza kupunguza pale anapokiona, kabla ya kukifikia, hatua 60 ni chache. Ameahidi kwenda kupima upya kwa kamba, safari hii akiwa na mwenyekiti wa kitongoji, na tumemwomba atupigie akishapata namba.